Nambari Isiyokuwapo kwenye Risiti

Mwaka wa 1996 kampuni moja ya mbegu pale Kitale ilimpa Agneta, mjane aliyeishi kwa kushona sare za shule, kazi ya kushona ovaroli mia tatu. Alimshukuru Mungu akiwa bado amesimama kwenye lango la kampuni. Kazi hiyo ikitoka vizuri, alijua, itarudi kila mwaka, na ataacha kubembeleza wazazi wamalizie deni la sare.

Kabla ya hapo aliuza kwa bei iliyobandikwa kwenye kadi, na mteja alipata risiti ya kawaida tu. Kimaiyo, mnunuzi wa kampuni, ndiye aliyemwambia mambo yamebadilika.

"Mama, sisi tukinunua kitu tunarudishiwa kodi yake kwenye hesabu yetu na serikali. Lakini ankara yako isipokuwa na nambari ya VAT, hiyo kodi inatufia mikononi. Kajiandikishe kwanza."

Agneta akajiandikisha. Cheti kilipofika alikitundika ukutani juu ya cherehani, akanunua kitabu cha ankara chenye nambari za mfululizo. Kwenye ile ya kwanza aliandika jina la kampuni, tarehe, nambari yake ya VAT, kisha ovaroli moja kwa mistari mitatu: bei shilingi 400, VAT asilimia kumi na tano shilingi 60, jumla 460.

Kimaiyo aliisoma akacheka. "Sasa hii ni ankara. Ile uliyoniletea kabla ya kujiandikisha ilikuwa kama barua ya kumwuliza mgonjwa hali."

Kitambaa alikinunua Bungoma kwa Nyongesa, ndugu wa marehemu mume wake. Huko ndiko alikonunua tangu afiwe, kwa sababu Nyongesa ndiye aliyempa kitambaa cha kwanza bila pesa, mazishi yakiwa hayajapoa. Mke wa Nyongesa, Lenah, alikuwa amehamia Kitale kukata nguo kwa Agneta, na wikendi alirudi nyumbani. Mkono wa Lenah haukuharibu kitambaa. Wale wengine, Agneta mwenyewe na msichana Chemutai, walishona tu kile Lenah alichokata.

Bei ya Nyongesa siku zote ilikuwa shilingi themanini kwa mita. Safari hii Agneta alimwambia, "Shemeji, uniandikie kodi kando, ndiyo na mimi nirudishiwe ya kitambaa."

Nyongesa akamwangalia kidogo. "Hata mimi serikali imenibana," alisema. "Sasa ni themanini na kodi kumi na mbili. Tisini na mbili."

Akaandika hivyo, vizuri, kwenye risiti mpya zilizopigwa chapa pale mjini. Neno VAT lilikuwa kwa wino mwekundu. Agneta hakuuliza nambari. Angemwulizaje? Nyongesa ni mzee wa kanisa, ndiye anayeshika nafasi ya mume wake katika ukoo. Kumwambia mtu kama huyo alete cheti ni kumwita mwizi mbele ya watoto wake.

Kila ovaroli ilikula mita tatu. Nyuzi, zipu na mikono ya mafundi zilikula mia na arobaini. Basi katika zile mia nne, baada ya kitambaa cha 240 na gharama hizo, zilimbakia ishirini. Katika fomu ya mwezi aliilipa serikali zile sitini alizotoza kampuni kwa kila ovaroli, akipunguza humo thelathini na sita alizotozwa kwenye kitambaa. Aliipeleka fomu kabla ya tarehe ishirini, kama alivyoelekezwa.

Miezi miwili baadaye afisa wa kodi, Gikonyo, alikuja kutoka Eldoret kukagua vitabu vya waliojiandikisha karibuni. Alikuwa mtu mpole, alivua kofia mlangoni. Lenah alikuwa mezani na makasi.

"Ankara zako ni safi," Gikonyo alisema akipekua. "Niletee sasa za ununuzi."

Agneta akampa risiti za Bungoma. Afisa akazigeuza moja moja, akazigeuza tena, kana kwamba nambari ingekuwa mgongoni.

"Mama, huyu hajasajiliwa."

"Si ameandika VAT hapo?"

"Ameandika, lakini hana nambari. Mtu ambaye hajasajiliwa haruhusiwi kutoza kodi wala kuiandika. Na wewe huwezi kutoa kodi ya namna hiyo kwenye fomu yako. Zile thelathini na sita kwa kila ovaroli utarudisha. Mia tatu, ni elfu kumi na mia nane, na nyongeza ya kuchelewa."

Lenah aliyaweka makasi mezani.

"Na yeye?" Agneta aliuliza.

"Alichotoza kwa jina la kodi ni deni lake kwa serikali, hata kama hajasajiliwa. Lakini lake halipunguzi lako." Akanyoosha mkono juu ya risiti. "Nitazihitaji hizi. Unanipa?"

Agneta alizikusanya risiti. Aliomba siku mbili.

Kesho yake akaenda Bungoma. Nyongesa alimkaribisha chai, akampigia simulizi za mahindi, hata alipojua kimemleta nini hakupandisha sauti.

"Mama Jairus," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "unataka kuniuza?"

"Nataka unirudishie zile kumi na mbili za kila mita. Na uende ujieleze mwenyewe. Nisikupeleke mimi."

"Nilikupa kitambaa ukiwa na matanga nyumbani. Sikukuandikia risiti siku hiyo."

"Sikusahau, shemeji."

"Basi waambie risiti ziliungua. Wewe lipa yako, na mimi nitakusaidia polepole, ati tunakimbizana na nini?"

"Nitamwambia afisa ziliungua, na ameshazishika mkononi?"

Nyongesa akacheka bila furaha. "Wewe na dini yako bana. Unataka uende mbinguni na nambari ya VAT."

Agneta alirudi bila pesa. Gikonyo alipokuja alimpa risiti, na Gikonyo akamwandikia kwamba amezipokea. Faida ishirini, deni thelathini na sita: kila ovaroli aliyoshona ilikuwa imemlia shilingi kumi na sita za mfukoni mwake, ukiacha ile nyongeza. Alilipa kwa kuuza ng'ombe.

Lenah alikunja aproni, akamwita kama wake wa ndugu wanavyoitana. "Mke mwenzangu, mimi sikusemi vibaya. Ulichofanya ni haki. Lakini nitalalaje kwa yule mtu nikitoka kwako?" Akaondoka na makasi yake, maana yalikuwa yake.

Msimu uliofuata Kimaiyo alileta oda ya ovaroli mia tano. Kitambaa Agneta alikipata kwa muuzaji wa jumla pale Kitale, ankara ina nambari, kila kitu. Mkataji hakumpata. Chemutai alijaribu akaharibu jora zima. Agneta akaandika barua ya kuirudisha oda, na Kimaiyo akaipeleka kwingine, akasema pole, alimaanisha.

Zikabaki sare za shule. Lakini mtu aliyesajiliwa hana ruhusa kuuza nguo ya mzazi bila kodi, na mzazi hana wa kumrudishia kodi hiyo. Kwenye kadi ya dirishani Agneta aliandika gauni la shule shilingi 230, kodi imo. Duka la tatu kutoka kwake, ambalo halikusajiliwa, liliuza gauni kama hilo kwa mia mbili.

Mwezi wa kwanza mama mmoja kutoka Saboti aliingia na binti yake, akalishika gauni, akalikagua mishono, akaridhika nayo.

"Pale mwisho ni mia mbili," alisema.

"Najua," Agneta alijibu. "Yangu ina kodi ndani."

"Kodi inanisaidia nini mimi?"

Agneta alinyoosha mkono. Akalipokea gauni, akalirudisha kwenye hanga, na yule mama akamshika mtoto mkono wakatoka.