Friji la Wifi

Sheila alipotangaza kanisani Nyanchwa kwamba ameshinda friji mtandaoni, wifi yake Nyanchera alishindwa hata kuitikia amina. Jioni akafungua tovuti ileile; naye akaambiwa ameshinda, alipie usafiri tu kwa kadi ya benki. Friji halikuja, ila kila mwezi pesa zilikatwa.

Katika benki mjini Kisii, karani alimwonyesha maandishi madogo kwenye tovuti: kumbe alijiunga na huduma ya kulipia. Akaifunga kadi, akampa fomu ya kupinga makato.

"Waandikie pia wenye tovuti kwamba umejitoa, uhifadhi ushahidi. Pesa zikirudi, ni bahati."

Kwenye kiti cha pili, Sheila alikuwa akijaza fomu hiyohiyo. Nyanchera akatabasamu, akachungulia. Sheila alikuwa amekatwa maradufu yake. Tabasamu likamkauka: hata kuibiwa, wifi amemshinda.