Kibao cha Korongo la Nampemba

Siku Cletus alipoingia dukani na kufunga mlango nyuma yake, Bertha alijua habari si njema. Duka la picha halifungwi mlango mchana. Kilwa Masoko nzima ilizoea kuingia pale bila hodi, huyu anataka picha ya pasipoti, yule anataka bango la tanzia ya baba yake na baba mwenyewe hana picha ila moja, amekunja uso kwenye harusi ya watu. Bertha alikuwa bingwa wa kazi hizo. Marehemu wengi wa mji ule walizikwa wakitabasamu kwa sababu yake.

"Shikamoo, kaka Cletus."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimetoka kumwona Laurenti. Amekonda."

Bertha akakaa. Laurenti alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na Cletus ndiye mwenye lori ambalo Laurenti alikuwa akiliendesha. Jioni moja ya mvua, kwenye njia ya Likawage, lori lile lilijaribu kuvuka korongo la Nampemba. Daraja likazama chini yake. Laurenti alipata mti wa kushika. Utingo wake, Dominick, hakupata. Tangu hapo Laurenti alikuwa mahabusu, na neno lililokuwa likisemwa kituoni lilikuwa moja tu: kulikuwa na kibao, na dereva alikipuuza.

Kibao chenyewe hakikuwapo tena. Vijana wa kampuni moja ya barabara walikichomeka asubuhi ile ile, wakapanda gari lao, wakaenda zao. Wanakijiji walikuwa wamejifungia ndani kwa mvua, waliwaona kwa mbali tu, hakuna aliyekisoma. Usiku mto ukakibeba kibao pamoja na daraja. Kampuni ilipopigiwa simu ikasema haijui kibao chochote, maana ingekiri, ingeulizwa kwa nini ililiacha daraja bovu bila kulitengeneza. Watu wazima hao.

Lakini Laurenti alikuwa amekipiga picha. Alisimamisha lori, akapiga akiwa ndani, kupitia kioo chenye maji, akamtumia bosi wake kwenye WhatsApp na kuuliza: nipite, nisipite? Simu ya Laurenti iliondoka na mto. Picha ikabaki kwenye simu ya Cletus.

"Nitolee giza hili," Cletus alisema, akiweka simu mezani. "Tuone kibao kimeandikwa nini."

Ilikuwa picha mbaya, nyeusi tii, na mahali ambapo hapakuwa na weusi palikuwa na chenga, zile punje za rangi rangi ambazo kamera ya simu hutapika ikikosa mwanga. Bertha aliihamishia kwenye kompyuta. Hakuanza kwa kuongeza mwanga, kama wafanyavyo wanaojifunza, kwa sababu ukiongeza mwanga kwanza unazimulika chenga nazo, zinageuka mchele uliomwagika. Alizipunguza chenga kwanza. Alianza na zile za rangi, nyekundu na kijani zilizorukaruka gizani, kisha za weusi na weupe, kidogo kidogo. Ukizikamua sana picha inakuwa kama nta, na herufi zinayeyuka pamoja nazo. Alipoona kingo za ubao zimetulia, ndipo akaanza kupandisha mwanga.

Maneno yakatoka. Rangi nyeupe juu ya ubao mwekundu, yameandikwa kwa brashi na mkono wenye haraka:

USIVUKE KABISA
DARAJA BOVU

Bertha alikuwa ameomba, tena kwa jina la kila mtakatifu aliyemjua, kwamba kibao kile kiwe kimeandikwa kitu kingine.

"Ulimjibu nini?" aliuliza bila kugeuka.

Cletus alikohoa. "Nilimwambia apite. Picha ilikuwa giza, Bertha. Mimi sikuona kitu. Yeye ndiye aliyekuwa pale." Akainama karibu na sikio lake, harufu ya jasho na marashi. "Sasa sikiliza. Kibao hakipo. Aliyekiandika amekikana. Kuna picha hii tu duniani. Ikisema usivuke, kaka yako anaozea ndani. Ikisema vuka taratibu, ni ajali, amri ya Mungu. Uchaguzi ni wako. Mimi sikulazimishi."

Hakumlazimisha, ila alikuwa amesimama mlangoni. Na Bertha aliogopa. Alimwogopa Cletus, aliwaogopa polisi, na zaidi ya vyote aliogopa sura ya mama yake akipeleka chakula mahabusu kila siku akiwa na kanga ya msibani. Ndugu yako akiwa ndani, hofu haikupi nafasi ya kufikiri. Inakushika mkono na kukukalisha kwenye kazi.

Akafanya. Na kwa bahati mbaya, akafanya vizuri.

Mstari wa pili hakuugusa. Wa kwanza aliufunika kwa wekundu wa ubao wenyewe, aliouchota kando ya kila herufi, kwa sababu ubao ulikuwa na mwanga zaidi upande wa kushoto, ulikoangukia mwanga wa taa moja ya lori. Hapo ndipo ile kazi ya kwanza ilipomlipa: kama chenga zingekuwapo bado, asingejua kipi ni mabaki ya herufi na kipi ni uchafu wa kamera, na vivuli vya maneno ya zamani vingebaki vikichungulia. Kisha akaandika VUKA TARATIBU kwa herufi alizoziazima kwenye kibao kile kile, mkono ule ule, brashi ile ile. T haikuwapo. Aliiunda kwa mguu wa I na mkono mmoja wa E. Akaulaza mstari kidogo kama ubao ulivyolala, akazififisha kingo mpaka zikalingana na ukungu wa kioo. Mwisho akarudisha giza, na juu ya picha nzima akamwaga chenga upya, sawa kila mahali, ili herufi mpya zisiwe safi kuliko jirani zake. Cletus akaituma kutoka simu moja kwenda nyingine, na WhatsApp ikaibana na kuisaga zaidi.

Hata yeye mwenyewe, alipoitazama, nusura aamini.

"Futa kila kitu huko kwenye kompyuta," Cletus alisema.

"Nimefuta," Bertha alisema. Hakuwa amefuta. Hakujua kwa nini, ila mkono ulikataa.

Cletus akaipeleka picha kituoni, na Laurenti akatoka kwa dhamana. Alifika nyumbani ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Mkanda walimvua siku ya kwanza, na kwa aibu ya kutoka akasahau kuudai. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, akamnunulia mkanda mpya. Laurenti hakumuuliza Bertha lolote. Alikuwa akija dukani asubuhi, anakaa kwenye kiti cha wapigwa picha, anatazama ukuta. Usingizini alikuwa akiita "Domi, shika! Shika!" na Bertha, upande wa pili wa ukuta, alikuwa akiziba masikio kwa mto.

Hofu haikuondoka. Kila pikipiki ikisimama nje, Bertha aliona sare ya polisi kabla hajaona mtu. Lakini polisi hawakuja. Waliokuja walikuwa watu wawili wenye vumbi la njia ndefu.

Mzee Abilahi alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kilichoko ng'ambo ya Nampemba. Nyuma yake alikuwa Mama Dominick, Monika kwa jina lake, mwembamba, amejifunga kaniki. Laurenti alipomwona aliinuka, akakosa pa kwenda, akabaki amesimama kando ya pazia.

"Shikamooni," Bertha alisema, na sauti ikamtoka kama ya mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Hatukai sana, gari letu linarudi." Mzee Abilahi alitoa simu, akaifuta kwenye kanzu, akampa. "Hiki kibao kimezunguka kwenye simu zote kule kwetu. Tunataka ututengenezee kingine kama hicho hicho, kikubwa."

Kwenye kioo cha simu, T mbili za Bertha zilikuwa zikimtazama.

"Cha nini, mzee?"

"Ufuta, mwanangu. Wanunuzi wanaogopa kuvuka tangu ajali. Vijana wamejaza mawe pale, ila mto ukijaa unapita juu. Sasa wataalamu wa barabara walishapapima, wakaandika vuka taratibu. Wao ndio wanaojua. Kilichomponza Domi ni giza, Mungu amrehemu. Tukikiweka, watu watapata moyo. Kesho kutwa kuna kina mama wanavuka kwenda kliniki na watoto, na wingu la leo umeliona."

Bertha alikuwa ameliona. Lilikuwa limekaa upande wa Tingi tangu alfajiri, zito. Aliona vitambaa vya watoto, mikono ya kina mama, maji ya rangi ya udongo. Hofu yote aliyowahi kuwa nayo, ya Cletus na ya mahakama, ilionekana mchezo tu mbele ya hii.

Mama Dominick ndiye aliyesema, na alisema na Laurenti. "Baba, mimi nilikuchukia. Nilisema umemuua mwanangu. Halafu wakanionyesha picha, nikaona hukukosa, kibao ndicho kilichokuruhusu. Nimekuja unisikie mwenyewe. Sina kinyongo."

Laurenti alimgeukia dada yake, na machoni mwake Bertha alisoma ombi, ila hakujua ni ombi gani: nyamaza, au sema. Pengine na yeye hakujua.

Bertha akapiga moyo konde, akawasha kompyuta. Alikosea neno la siri, akaliandika tena. Akalifungua faili alilodanganya kwamba amelifuta, akakigeuza kioo kiwaelekee.

"Mama, sogea. Mzee, na wewe."

Kazi kama ile hufanywa kwa tabaka, moja juu ya nyingine, kama kanga zilizopangwa. Ya chini haiharibiki, inafunikwa tu. Bertha alibofya, zikaondoka chenga za bandia. Akabofya, likaondoka giza alilolirudisha. Akabofya, VUKA TARATIBU ikatoweka, na ubao ukabaki na mstari mmoja, mwekundu mtupu juu yake. Hapo mkono ulisimama. Kisha akabofya mara ya mwisho.

Mama Dominick hakuwa msomaji mwepesi. Alisogeza kidole hewani, silabi moja moja, kama wasomavyo watu waliosoma ukubwani.

"U-si-vu-ke," alisema. "Ka-bi-sa."

Alirudia tena, kwa sauti ndogo zaidi. Mzee Abilahi akashika kichwa. Nje tone la kwanza lilianguka juu ya bati, kisha mengine.

Bertha alitaka kusema nisameheni, lakini alisikia chuma kikigonga chuma nyuma yake, akageuka. Laurenti alikuwa amesimama pale pale kando ya pazia, uso umelowa, akiufungua mkanda ule mpya. Aliuvuta taratibu kutoka kwenye suruali, akaukunja vizuri, akamkabidhi dada yake.

"Mtunzie mama," alisema. "Kule ndani hawauruhusu. Wewe andika kibao, kiwahi kabla ya maji."