Mlango wa Karanja

Mwaka 2008, Mbinya aliketi ofisini kwake mjini Machakos na Karanja, mwekezaji kutoka Nairobi. Kampuni ya Mbinya ilivitengenezea vyama vya akiba programu za kompyuta, na wateja walikuwa wanaongezeka haraka kuliko pesa. Kwenye mpango wa biashara, chini ya "Njia ya Kutoka", alikuwa ameandika: "Hatutoki. Hapa ni kwetu."

Karanja alitabasamu. "Si wewe, madam. Ni sisi. Tukiweka pesa, lazima tujue tutazitoa vipi."

Mbinya akaona haya, akaandika upya: baada ya miaka sita kampuni ingeuzwa kwa kubwa zaidi, au hisa zake ziingie sokoni. Kabla ya hapo, baada ya pesa za Karanja, zingekuja awamu mbili zaidi za mtaji. Kasiva, mhasibu wake, akapiga hesabu. Baada ya awamu ya kwanza, ya Karanja, Mbinya angebaki na asilimia sabini ya hisa. Awamu ya pili ingemshusha hadi hamsini na mbili na nusu, ya tatu hadi arobaini na mbili.

Mbinya akadai kampuni isiuzwe bila idhini yake, hata akishindwa kwa kura za wenye hisa. Karanja akatoka nje kupiga simu, akarudi akiwa mkarimu. "Sawa. Mpaka awamu ya tatu."

Mbinya akatia sahihi kwa furaha, akamsindikiza mgeni hadi kwenye gari.

Aliporudi, Kasiva alikuwa bado anatazama karatasi. "Mpaka awamu ya tatu," alisema polepole, "si wewe uko na zaidi ya nusu tayari?"