Kufungwa kwa Saba

Kocha wetu tulimwita Bwana Ubao, maana hakuweza hata kuomba chumvi bila kuchora mishale. Nimefua jezi za timu hii ya raga miaka kumi na tisa, makocha wamekuja na kuondoka, lakini huyu ndiye wa kwanza niliyetamani kumtia kwenye mashine pamoja na soksi.

Siku ya mwisho ya ligi tulikuwa na pointi sitini na moja. Waliotufuata walikuwa na hamsini na sita, na ndio tuliokuwa tunacheza nao. Kapteni wetu ni mtoto wa dada yangu, ana miaka thelathini na tano na magoti yanayolia kama mlango wa choo. Misimu kumi na miwili hajagusa kombe, na baada ya mechi ile alikuwa anatundika viatu.

Wakati wa mapumziko tulikuwa nyuma kidogo. Bwana Ubao akatundika koti lake mlangoni, akashika kalamu.

"Wakishinda wanapata pointi nne. Wakifunga trai nne wanaongezewa moja, jumla tano. Watafika sitini na moja kama sisi, na kombe litakuwa lao kwa sababu wameshinda mechi nyingi kutuzidi. Tunaokolewa na bonasi ya kufungwa kwa karibu tu. Tukifungwa kwa sita, tunayo. Tukifungwa kwa saba, tumekwisha!"

Nilikuwa naokota taulo. "Ni saba au pungufu, Kocha. Karatasi ya ligi hiyo hapo, umeifunika kwa koti."

"Bibi, wewe una sabuni yako, mimi nina diploma yangu."

"Ile mechi ya matope tulifungwa kwa saba kamili na pointi tukapewa. Jezi zile niliziloweka siku mbili."

Akacheka, peke yake. Koti hakulisogeza. Hatua tatu tu zilimtenganisha na ukweli, akaona ni mbali. Debe tupu, na bado lina kifuniko cha dhahabu.

Firimbi ikawaita uwanjani. Kapteni akanipitia karibu, akainama. "Mama Mdogo, una hakika?"

"Mwanangu, nilisugua mimi."

Kipindi cha pili wale jamaa walitukimbiza kama kuku. Wakaubandika mpira chini nyuma ya mstari wetu, trai yao ya nne, wakapiga na teke la nyongeza likapita katikati ya milingoti: thelathini na moja kwa ishirini na nne. Toa mwenyewe. Bwana Ubao alitoa kwa kalamu, mara mbili.

Kengele ya kumaliza muda ikalia, mpira ungali mikononi mwetu, hatua chache kutoka mstari wetu wa goli. Katika raga mchezo hauishi kwa kengele. Unaisha mpira ukifa. Kapteni akipiga teke mpira utoke nje, basi, tumefungwa kwa saba. Akijaribu kukimbia nao uwanja mzima na magoti yale, wakamnyang'anya, wanafunga trai nyingine ya pointi tano hapo hapo mlangoni kwetu, na pengo linakuwa kumi na mbili.

"Kimbia nao!" Bwana Ubao alipiga yowe, mate yakitangulia maneno. "Saba haihesabiwi! Ukipiga nje nakufukuza!"

Anamfukuza nani? Mtu anayestaafu baada ya dakika moja!

Mpira ukafika mikononi mwa Kapteni. Alimwangalia kocha wake, akaniangalia mimi, nami nikatikisa kichwa kuelekea nje kama ninayefukuza mbuzi. Pande la mtu wa timu yao, lenye jezi nyekundu, lilikuwa linamjia mbio. Akapiga. Mpira ukapita juu ya benchi letu, ukatua kwenye maegesho.

Firimbi. Wapinzani wakarukaruka, wakakumbatiana. Bwana Ubao akautupa ubao chini, akamwendea Kapteni: "Mwoga wewe! Umeniuza! Kombe umelitia mfukoni mwao!"

Kapteni alisimama mikono kiunoni, akiitazama meza ya wasimamizi wa ligi kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo.

Kipaza sauti kikakoroma. Wageni: pointi nne na bonasi ya trai, sitini na moja. Wenyeji: bonasi ya kufungwa kwa pointi saba au pungufu, sitini na mbili. Bingwa, wenyeji.

Mtoto wa dada yangu akakaa chini kwenye nyasi, akalia bila aibu.

Na Bwana Ubao? Nilipofika na taulo alikuwa ameshajipangusa mate, anaongea na mwandishi wa gazeti. "Tulilipanga hili tangu mapumziko," alisema. "Raga ni hesabu. Niliwaambia, saba inatosha."

Hata kope haikumtikisika. Wakati wa picha akajipenyeza katikati, akanyoosha mikono kulichukua kombe. Kapteni akalikumbatia kifuani.

"Hili zito, Kocha," akamwambia kwa upole. "Wewe shika ubao."