Lori la Maji Katika Barua za Mapazia

Bwana Noordin, meneja wa shirika letu la misaada, alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi. Alituambia hivyo mwenyewe kila tulipomwona, ili tusije tukasahau. Alikuwa na semina Nairobi, warsha Mombasa, kikao Nairobi tena, na hapa Garissa, ambako ndiko alikoajiriwa, alipita pale nafasi iliporuhusu.

Jumatatu moja ya Novemba, mwaka wa tisini na tisa, nafasi iliruhusu. Alifika ofisini asubuhi na mkoba wa safari mkononi, maana ndege ya kumrudisha Nairobi ilikuwa mchana huohuo. Alifungua kompyuta yake, akatazama, akaniita mimi, karani wake.

"Ikran, hizi barua pepe za mapazia haziishi? Kila nikifungua mashine hii ni mapazia, mapazia. Mimi sikusomea mapazia."

Nikamweleza kwamba mapazia yenyewe yaliisha kitambo, tena yanapepea mbele ya macho yake. Mwezi Oktoba niliandika barua kuuliza ofisi ishonewe pazia la rangi gani, nikaiita "Mapazia ya ofisi". Watu wakajibu. Kisha aliyetaka kuuliza habari ya maegesho akaona uvivu kuanza barua mpya, akabonyeza kujibu, akauliza maegesho chini ya jina la mapazia. Wa tatu akaleta hofu ya makao yetu makuu Nairobi kwamba kompyuta zote zitakufa usiku wa kuamkia mwaka elfu mbili. Wa nne akaleta lori la maji. Barua zikawa rundo, na juu ya kila moja bado limekaa lile jina la mapazia, kwa heshima zote.

"Sina muda wa kusoma yote hayo," alisema Bwana Noordin. "Nitengenezee ukurasa mmoja. Tulikotoka, tulichoamua, na kilichobaki. Kabla sijaenda uwanjani."

Basi nikachapisha rundo zima, printa ikilia kama mbuzi aliyekanyagwa, nikakaa nalo mezani. Ukiliona rundo lile utadhani watu wamefanya kazi. Lakini kila aliyejibu alikuwa ameburura barua zote za nyuma chini ya jibu lake, kwa hiyo ukurasa mzima wa karatasi ulikuwa na neno moja jipya juu kabisa, nalo ni "Sawa." Nikachukua kalamu na rula, nikakata yote yaliyorudiwa. Rundo likawa vipande vya kujaza kiganja.

Tulikotoka halikuwa jambo gumu. Lori letu la maji hukaa Takaba, huko mbali Mandera, kwa sababu mashine ya kisima chao imekufa na mvua haikunyesha. Lori huchota maji kisima kingine, huyamimina kwenye tangi la mjini, watu wakanywa. Pampu ya lori ikaharibika, likaletwa Garissa kutengenezwa. Likatengenezwa. Tangu hapo limesimama uani kwetu, limeoshwa, linameremeta, kuku wanalala chini yake.

Kwa nini limesimama? Hapo ndipo anapoingia Alio, ofisa wetu wa magari na usafirishaji, mwanamume anayependwa sana na Nairobi. Jumatatu iliyotangulia, Alio aliandika kwamba wafadhili wanakuja kutembelea kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, na ingependeza wakute lori letu pale, lenye nembo yetu mlangoni. Dagahaley ina visima vyake. Kilichokosekana Dagahaley ni picha. Alio akamalizia: nisiposikia pingamizi hadi Alhamisi, nitachukulia kwamba tumekubaliana.

Mtu wa Nairobi akajibu, "Wazo zuri." Wengine wakanyamaza. Ijumaa Alio akaandika, "Kama tulivyoamua." Baada ya hapo kila mtu akaandika "kama ilivyoamuliwa", hata waliokuwa wanaulizia mafuta ya jenereta.

Na mimi nikaandika hivyohivyo. Chini ya Maamuzi niliweka: pazia ni kijani, maegesho ya mbele ni ya wageni, lori la maji liende Dagahaley. Lakini nina tabia, na siiachi, ya kuandika mbele ya kila uamuzi jina la aliyeamua na tarehe. Pazia: Bwana Noordin, nne Oktoba. Maegesho: Bwana Noordin, kumi na moja. Lori: nani?

Nikarudi kwenye vipande vyangu. Alio alipendekeza, na kupendekeza si kuamua. Nairobi walisema wazo zuri, na hiyo ni sifa, si ruhusa. Gari haliwezi kuhamishwa kituo bila sahihi ya meneja, na meneja katika rundo lote hakuwa na neno moja juu ya lori. Alikuwa amefika kwenye maegesho akaridhika.

Halafu kuna Kulow, mtu wetu wa Takaba. Barua yake ilikuwa imepangwa ya mwisho kabisa, kwa sababu kompyuta yangu hupanga barua kwa siku zilivyoingia, na yake iliingia Jumamosi. Alio alikuwa ameijibu kwa mstari mmoja: suala hili limefungwa. Lakini tarehe ya kuandikwa, pale juu kwenye barua yenyewe, ilikuwa Jumatano. Takaba hakuna simu. Barua ya Takaba huandikwa, ikakaa ndani ya kompyuta ikisubiri redio ya kuisafirisha ishike mawimbi, na redio isiposhika nayo haitoki. Kulow alikuwa ameandika: "Napinga. Tangi lina maji ya siku chache. Wazee wananiuliza lori liko wapi. Niwaambie nini?"

Nilisoma mistari ile nikakasirika mpaka masikio yakawa moto. Mtu anauliza awaambie nini wenye kiu, sisi tunamjibu kwamba suala limefungwa.

Nikalifuta lori kwenye Maamuzi nikalipeleka kwenye Maswali, la kwanza kabisa. Alio, ambaye pua yake hunusa karatasi kabla haijatoka printa, akaja kusimama nyuma yangu, na ulimi wake wa Kisomali unaogeuza kila p kuwa b.

"Abaayo, dada yangu, hiyo maneno ya lori si iko juu? Mbona umeshusha chini? Hiyo imebita kitambo."

"Imepitishwa na nani, walaal, ndugu yangu?"

"Na watu wote. Mimi nilisema Alhamisi. Hakuna mtu alibinga."

"Kulow alipinga Jumatano."

"Barua yake ilikuja Jumamosi!"

"Iliandikwa Jumatano."

"Saa ya kombyuta ya Takaba nani anaamini? Ile ni uongo, wallahi."

"Na redio ya Takaba haikusikika tangu Jumatano mpaka Jumamosi. Nani alizunguka ofisi nzima akilalamika? Si wewe?"

Alio akatazama pazia. Ni zuri, lile pazia. Kisha akaniambia kwa upole kwamba meneja anapenda maamuzi, hapendi maswali, na msichana mwenye akili humpa mkubwa wake anachopenda. Nikamshukuru kwa nasaha. Na ili asiseme nimempunja, nikaandika hoja yake kama alivyoiandika yeye, na ya Kulow kama alivyoiandika Kulow, bila kuongeza chumvi upande wowote. Chini yake nikaweka: wa kuamua, Meneja. Jibu linahitajika leo.

Bwana Noordin aliupokea ukurasa amesimama, saa mkononi. Sehemu ya Tulikotoka aliiruka. Maamuzi aliyasoma yote, polepole, kama mtu anayesoma barua ya kumsifu.

"Unaona? Tumefanya kazi kubwa." Macho yakashuka. "Hii ya lori ni nini? Si niliamua hii?"

"Lini, bosi?"

"Si kwenye zile... Alio, sikuamua?"

Alio, aliyekuwa mlangoni, akasema kwamba roho ya uamuzi ilikuwepo.

"Basi. Ikran, ipandishe juu kwa maamuzi."

"Nipandishe uamuzi upi?"

"Ule uliopo."

"Uliopo ni Alio anataka Dagahaley na Kulow anataka Takaba. Wewe hujasema. Na nakala ya ukurasa huu inakwenda Nairobi kama kawaida, jina lako likiwa mbele ya swali."

Hapo ndipo alipoketi. Alisoma barua ya Kulow, ile fupi, mara ya kwanza nadhani. Mtu akiniuliza kama ilimgusa, sijui. Ninachojua ni kwamba alifikiria picha mbili: moja ya lori Dagahaley na wafadhili wanatabasamu, na moja ya gazetini, ya wenye kiu wa Takaba.

"Lori liende Takaba," alisema. "Leo. Alio, dereva aitwe. Na wewe Ikran, weka kwa maamuzi: Meneja aliamua lori lirudi Takaba, Jumatano iliyopita."

"Jumatano hukuwepo kwenye barua hata moja."

"Andika tu. Ionekane tulijibu mapema."

Ningeweza kuandika. Lori lilikuwa limeshapata ruhusa, nilichotaka nimepata, na ajira Garissa haziokotwi barabarani. Lakini nilijua karatasi ile itasomwa vipi baadaye.

"Nikiandika Jumatano, Nairobi watauliza lori lilikuwa wapi tangu Jumatano. Jibu liko uani, na kila anayepita barabarani analiona. Au lawama tumpe dereva? Au Kulow?"

Alitazama saa, kisha mimi. Sura yake haikuwa na mapenzi.

"Weka leo," alisema, akatia sahihi kibali cha safari, akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka akasema kwamba siku nyingine nisimletee mambo ya haraka dakika ya mwisho. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Nikaupiga chapa ukurasa upya: lori la maji, Takaba, Bwana Noordin, leo. Kwenye Maswali hapakubaki kitu ila zile kompyuta za mwaka elfu mbili. Dereva akatoka uani, kuku wakatawanyika, nikaenda chumba cha redio nimefurahi, sitaficha, nimefurahi kweli, maana habari hii nilitaka nimpe Kulow kwa mdomo wangu.

Redio ilikwaruza, ikalia, mwishowe sauti yake ikaja kutoka mbali sana.

"Kulow, uamuzi umetoka! Lori linakuja kwenu. Limeshaondoka. Ovaa," nikasema, nikaachia kitufe ili iwe zamu yake.

Mkwaruzo mtupu. Nikafikiri mawimbi yamepotea tena. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Lakini watu wameondoka, abaayo. Tangi ilikauka juzi. Wamefuata maji upande wa Banissa, na mifugo yao na watoto. Ovaa."

"Wote?"

"Wote ambao wanaweza kutembea."

Nikaipima njia kichwani. Takaba ni mwendo wa siku mbili, barabara ikiwa na huruma.

"Waliobaki ni wangapi?" nikauliza.

"Sijahesabu. Ni wazee, na mama mmoja amejifungua jana. Wananiuliza lori liko wapi. Niwaambie nini? Ovaa."