Karatasi ya Mlango wa Kabati

Hebu niambie, umewahi kuangushwa na mtu uliyemsifia mwenyewe kwa majirani?

Mjukuu wangu alipoingia mwezi wa nane wa mimba, alirudi kutoka kliniki na mumewe, wakiwa na karatasi yenye picha za dalili za hatari. Mume ndiye aliyeibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, akaikandamiza kila kona kwa kidole gumba. Kisha akatusomea kama mtangazaji wa redio: kutokwa damu, maji kuvuja kabla ya uchungu, homa kali, tumbo kuuma sana, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, degedege, mtoto kupunguza kucheza.

"Hata moja tu," akasema, "hospitali papo hapo. Hatungoji tarehe ya kliniki."

Nikatamba mtaa mzima: tumepata mkwe.

Jumamosi moja nikaenda kuwaona. Sebuleni wamejaa wageni wa mama mkwe wake, mama yake mume. Mjukuu wangu yuko jikoni anapanga vikombe, jicho moja kalifumba. Uso umeumuka kama unga uliotiwa hamira, pete imezama kidoleni.

"Bibi, kichwa kinapasuka tangu asubuhi. Naona vimulimuli."

"Mumeo anajua?"

"Nimemwambia, nikarudia. Kasema niwape wageni chai kwanza."

Nikashika njia ya sebuleni, yeye nyuma yangu na sinia. Kabla sijainua pazia, nikamsikia mama mkwe: "Mkeo mbona kanuna?"

"Aa, mama, si unamjua! Kaikariri ile karatasi, sasa kila dalili anayo. Akiona wageni tu, anaumwa."

Wakacheka. Mjukuu wangu hakulia. Aliliweka sinia chini polepole, kijiko kisilie.

Nikafungua pazia. "Bwana mkubwa, washa gari."

"Bibi, uchovu tu huo. Jumatatu ana kliniki."

"Ile karatasi uliwabandikia mende?"

Mgeni mmoja akakohoa. Mume akamtazama mkewe usoni, akamtazama hasa, kisha akaanza kupapasa mifuko akitafuta funguo.

Hospitali muuguzi akampima presha, akarudia kupima. Mkojo ukakutwa na protini. "Mngechelewa, angepata kifafa cha mimba," akasema, huku anaandaa sindano ya kuzuia degedege. Wakamshusha presha kwa dawa, wakampeleka chumba cha upasuaji. Akatoka mtoto wa kike, mdogo, ana sauti ya ugomvi.

Kesho yake mume akaja na chupa ya chai, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nisamehe, mke wangu. Lakini wageni walikuwa wamejaa vile. Ulitaka nifanye nini?"

Mjukuu wangu aliutazama mkono wake wenye sindano ya dripu. Kisha akamwinulia mumewe macho.

"Nilitaka uwaambie, 'Mke wangu anaumwa, sisi tunaondoka.' Hicho tu ndicho nilichotaka."