Mwendo wa Ukoo

Kwetu hakuna aliyekuwa mgonjwa wa miguu. Tulikuwa na mwendo wa ukoo, basi. Babu alikuwa nao, baba alikuwa nao, kaka yangu anao na mimi ninao: goti juu, wayo chini pwaa, goti juu, wayo chini pwaa. Mtaani walituita Wavuka-Dimbwi, nasi tulicheka nao, maana kweli tulitembea kama watu wanaoruka maji. Nyayo zetu zimeinuka katikati, vidole vimejikunja, na viatu tunavimaliza upande mmoja tu. Mtoto aliyekua na wayo bapa alitaniwa kwamba aliokotwa.

Mzaha uliniishia siku nilipoungua. Napiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kazi ya kusimama tangu asubuhi mpaka jioni, na siku hiyo mguu wangu uliegemea bomba la mvuke. Nilisikia harufu kabla ya kusikia maumivu. Maumivu yenyewe hayakuja.

Kidonda kilipofungwa nilipelekwa kwa daktari wa neva. Aliniambia nitembee kwa visigino, nikashindwa hata hatua moja. Akagonga magoti yangu kwa kinyundo, hayakushtuka. Akapima umeme unavyosafiri kwenye neva za mkono na za mguu, akaona unajikokota. Mwisho akachukua damu ya kupima vinasaba, na baada ya wiki kadhaa mshauri wa mambo ya vinasaba akanikalisha chini kunieleza jibu. Kuna kinasaba kinachohusika na kutengeneza ala inayozunguka neva. Watu wengi wana nakala mbili, mimi ninazo tatu, na hiyo moja ya ziada inaharibu ala polepole, kuanzia mbali, yaani miguuni, kisha mikononi. Hakuna dawa ya kuiponya. Yapo mazoezi, na vipo vifaa vya plastiki vya kushika wayo usining'inie, ambavyo ninavyo na vinanikera kila siku. Kila mtoto wa mwenye nakala hiyo ya ziada ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Mimi sina mtoto. Kaka yangu anaye mmoja.

Mshauri alinipa barua ya kuwapelekea ndugu zangu. Mstari wa nne ulitaja dawa ambazo neva kama zetu haziziwezi, na ya kwanza ilikuwa vinkristini, dawa ya saratani. Nilimpelekea kaka. Akaisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akasema nyumba yake ataiambia mwenyewe. Nilipomuuliza tena alisema binti yake ana mchumba, nisije nikamharibia, tungoje wafunge ndoa kwanza. Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka, huo ndio ukweli, na kubishana na kaka ni kazi nyingine kamili isiyo na likizo.

Huyo binti tunamwita Msusi, kwa kuwa ana mkono mwepesi kwenye nywele kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alipoanza kuumwa kaka alituambia ni upungufu wa damu. Neno saratani nililisikia wiki mbili baadaye kwa wifi yangu, kwenye simu, akilia kwamba mwanawe hawezi tena kushika kijiko. Nikamuuliza anapewa dawa gani. Hakujua. Nikavua aproni, nikamwambia msimamizi anikate mshahara wa siku nzima akitaka, nikaondoka.

Wodini nilimkuta Msusi ameegemezwa mito miwili. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, vidole vimelegea, na miguu yote miwili imeangukia mbele chini ya blanketi. Wiki mbili zilizopita alikuja hapo kwa miguu yake. Wifi alikuwa upande mmoja, kaka upande wa pili, na muuguzi alikuwa anatundika kifuko kidogo cha dawa. Nikamwomba anisomee jina la dawa hiyo. Akanisomea: vinkristini.

"Usiifungue," nilimwambia. "Niitie daktari, tafadhali."

Kaka aliniambia kwa sauti ya chini nisilete fujo hospitalini. Daktari alipofika, mama mmoja mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa mwaka mzima, nilimwonyesha picha ya barua kwenye simu yangu, kisha nikavua viatu na soksi na vile vifaa vyangu, nikasimama mbele yake peku. Akaangalia nyayo zangu. Akainua blanketi, akaangalia za Msusi. Akamwambia muuguzi aishushe ile dawa.

Daktari aliketi kitandani pa mgonjwa. Kisha alieleza kwamba dawa ile huwa inaumiza kidogo neva za watu wengi, ndiyo maana ganzi ya mwanzo haikuwashtua, na leo ingekuwa mara ya tatu. Kwa mwenye ugonjwa wetu inaweza kulemaza ndani ya siku chache. Angempima Msusi damu kutafuta kosa lile lile la kinasaba, na kwa kuwa linajulikana tayari kipimo kingekuwa rahisi, ila hangengoja jibu. Matibabu ya saratani yangeendelea bila dawa hiyo. Mikono huenda ingerudi, kwa miezi, huenda isirudi yote. Hakuahidi.

"Siku ya kwanza niliuliza kama kuna ugonjwa wowote katika familia," alisema. "Nimeandika hapa: hakuna."

"Sisi hatuuiti ugonjwa," kaka alisema.

"Barua gani hiyo?" wifi aliuliza.

Hakuuliza tena, kwa sababu alikuwa anamtazama mumewe na ameshapata jibu. Kaka aliketi. Nilimwona akijaribu kuficha miguu yake chini ya kiti, mtu mzima na mvi zake, nikamwonea huruma na hasira kwa pamoja, na nikaona vyote viwili vinanihusu mimi pia. Alimwambia daktari amchukue damu na yeye. Daktari akasema atachukua, lakini kwa mgonjwa haitabadilisha kitu. Kaka akasema anajua. Alitoka na muuguzi, goti juu, wayo chini, na wifi hakumfuata.

Nilibaki navaa soksi zangu. Vifungo vya viatu vinanichukua muda siku hizi.

"Shangazi," Msusi aliniita. "Ulijua tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Kila mwezi nakusuka."

"Kila mwezi," nilisema. Ningeweza kuongeza kwamba baba yake alinikataza, lakini nilipokuwa nimekaa chini na kichwa changu mapajani pake, saa tatu, saa nne, baba yake hakuwepo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Hakunigombeza. Aliniambia nichukue simu yake, nifungue kundi la ukoo, lile la watu arobaini na kitu wanaotumiana salamu za asubuhi na picha za maua. Binamu watatu wana watoto wadogo. Mmoja ana mimba. Vidole vyake havikuweza kubonyeza, kwa hiyo yeye alitamka na mimi nikaandika: jina la ugonjwa, jina la dawa, wapi pa kwenda kupimwa, na kwamba asiyetaka kupimwa amwambie daktari hivyo hivyo kabla ya dawa yoyote. Nikamuuliza kama tumemaliza.

"Bado," alisema. "Andika juu kabisa: Baba alijua na shangazi alijua, wakanyamaza, na mimi sasa siwezi kushika kitana. Ndiyo maana nawaambia."

Nikarudi juu kabisa, nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno, nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali. Nikabonyeza tuma.